Niliomba kopo la mtoto mwenye mzio wa maziwa, nikapewa lisilo na laktosi

Siku kadhaa zimepita na hasira bado ninayo. Duka silitaji jina. Ni duka la dawa, lipo mjini, na kwa wingi wa makopo ya maziwa ya watoto sijaona linalolizidi. Kwa hilo nawasifu. Nilieleza kwa ufupi: mtoto ana miezi 3, ananyonya na kuongezewa ya kopo, kinyesi kina kamasi na michirizi ya damu, mashavu yana ukurutu, na daktari anashuku mzio wa maziwa ya ng'ombe. Muuzaji hakuuliza swali hata moja. Alishusha kopo lenye herufi LF, akalitua mezani. "Hili hapa la mzio, dada. Halina laktosi." Nilipoligeuza nisome viambato, akalivuta upande wake. "Mbele pameandikwa kila kitu, huko nyuma unatafuta nini?"

Huko nyuma ndiko kwenye jibu. Laktosi ni sukari ya maziwa. Mzio unatokana na protini za maziwa, yaani kaseini, ile inayoganda maziwa yakichacha, na wei, zile zinazobaki kwenye majimaji. Ukiitoa sukari ukaacha protini, mtoto mwenye mzio hujamsaidia kitu. Nililichukua tena lile kopo nikasoma. Viambato hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kwanza: kulikuwa na sharubati ya glukosi badala ya laktosi, kisha mafuta ya mimea, halafu protini ya maziwa, nzima kabisa. Kopo halikumdanganya mtu. LF lina kazi yake, kwa mfano mtoto aliyetoka kuharisha vibaya na utumbo wake kwa muda hauwezi kusaga laktosi. Aliyedanganya ni mdomo wa mezani.

Nikakataa. Akaleta la maziwa ya mbuzi, akasema mbuzi hana mzio. Hapa nilipandisha sauti, na sijutii. Protini za maziwa ya mbuzi zinafanana mno na za ng'ombe, na watoto wengi sana wenye mzio wa moja hupata mzio wa nyingine. Kumpa mtoto anayetoa damu kwenye kinyesi maziwa ya mbuzi ni kumrudisha palepale.

La tatu lilikuwa na herufi HA, na hili ndilo linalowapata hata wazazi waangalifu, kwa kuwa herufi hizo zinatangaza kwamba kopo halichochei mzio kwa urahisi. Ukisoma nyuma utakuta neno lenye herufi hydrolys, maana yake protini imevunjwavunjwa. Usiishie hapo. Tazama neno linalotangulia. Likianza na p, protini imevunjwa kidogo tu. Vipande vilivyobaki ni vikubwa, na kinga ya mwili wa mtoto bado inavitambua. Likianza na e, imevunjwa sana, na hilo ndilo la matibabu. HA nyingi ni za p. Zilitengenezwa kwa wazo la kumkinga mtoto ambaye bado hana mzio, hazikutengenezwa kumtibu aliye nao. Kama hakuna p wala e, tafuta maelezo ya matumizi: kopo la matibabu huandikwa wazi kuwa ni la watoto wenye mzio wa maziwa ya ng'ombe na litumike chini ya uangalizi wa daktari. Bila maandishi hayo, liache.

Kopo sahihi lilikuwa rafu ya juu kabisa, na nililiona mimi mwenyewe. Lilikuwa na kaseini iliyovunjwa sana, kama ilivyo Nutramigen. Muuzaji akapata la kusema: "Si limeandikwa lina maziwa? Hilo ndilo unalitaka?" Kweli limeandikwa. Onyo la mzio linataja maziwa kwa sababu kaseini ile ilitoka kwenye maziwa kabla ya kuvunjwa, na sheria za lebo zinataka chanzo kitajwe. Nakubali kwamba jambo hili linachanganya, na kwa hilo pekee simlaumu. Kwenye kopo la kawaida, la mbuzi au la HA, onyo lile ni sababu ya kuliacha. Kwenye kopo la matibabu, linalotazamwa ni protini imevunjwa kwa kiasi gani. Vilevile usilitupe kopo la aina hii kwa kuona laktosi kwenye orodha: Aptamil Pepti, ambayo ni ya wei iliyovunjwa sana, inayo, na watoto wengi wenye mzio huivumilia. Mtoto mwenye mzio mkali, huyo aamuliwe na daktari wake.

Kuna kundi jingine ambalo orodha yake huwezi kuikosea. Badala ya kaseini au wei utaona mfululizo wa majina yanayoanza na L na kistari, L-leusini, L-arginini na kuendelea. Hizo ni asidi amino peke yake, yaani vipande vidogo kabisa vinavyounda protini, hakuna protini ya maziwa humo. Neocate na Alfamino ni za kundi hili. Ni ghali zaidi, na kwa kawaida huachiwa watoto wenye mzio mkali au wanaoendelea kudhurika hata kwa iliyovunjwa sana, kwa sababu hiyo iliyovunjwa sana huwafaa takribani 9 kati ya 10. Kuanza na ghali kuliko yote kwa woga tu si lazima.

Sasa kuhusu bidhaa yenyewe. Inanuka, na ladha yake ina uchungu. Kinyesi kikawa laini na cha kijani, jambo la kawaida kwa maziwa haya, ila damu ikirudi si kawaida. Vijiko vya makopo havilingani ujazo, kwa hiyo tumia kilichomo ndani ya kopo hilohilo. Tena kijiko cha kopo la zamani kina unga wa maziwa uliokikaukia. Daktari alitaka wiki 2 hadi 4 kabla ya kuamua kama yanafaa, kisha mtoto arudishiwe maziwa ya kawaida kwa mpango wake yeye, ili ijulikane kama kweli ni mzio. Kunyonya kuliendelea, na mama aliacha maziwa, mtindi, siagi na jibini, kwa kuwa protini hupita kidogo kwenye maziwa yake. Mtoto anayevimba midomo, kutoka mabaka ya ghafla au kukoroma kifua ndani ya saa 2 baada ya kunywa hafanyiwi majaribio nyumbani, anapelekwa hospitali.

Kopo nalipa nyota 4, moja naikata kwa bei. Duka nilitaka kulipa nyota 2 kwa sababu ya bidhaa zake. Lakini nilipokuwa nalipa, mama aliyekuwa nyuma yangu, mtoto mgongoni, aliuliza la mzio, na muuzaji yuleyule akashusha lile la LF. Nililigeuza mbele yake na kumwonyesha kwa kidole palipoandikwa protini ya maziwa. Duka nalipa 1.