Nukta iliyotutoa usingizini: uzoefu wangu na mashine ya presha ya maandishi ya Kichina

Presha ya Mama usiku ule ilikuwa 203 kwa 124. Ndivyo nilivyosoma mimi, na ndivyo nilivyompigia simu kaka yangu nikamwambia, sauti inatetemeka, huku nimeshika mashine mkononi kana kwamba yeye angeiona kupitia simu.

Mashine ilikuwa na siku chache tu tangu ifike. Niliiagiza mtandaoni, kwenye picha ikaonekana safi, na picha ile ilionyesha kioo chenye namba tupu. Kumbe kilichofika kina maandishi ya Kichina juu ya kioo, kwenye vitufe, kwenye kijitabu, na kibaya zaidi, mashine yenyewe inaongea. Ukimaliza kupima inakutangazia majibu kwa Kichina, kwa sauti ya mwanamke asiye na wasiwasi wowote. Sikujali. Nilijiambia presha ni presha: ya juu inakaa juu, ya chini inakaa chini, mapigo ya moyo yako mwishoni. Hilo nililipatia, maana mistari mitatu ya kioo ilikuwa hivyo hivyo: 高压 ni presha ya juu, 低压 ni ya chini, 脉搏 ni mapigo.

Nililokosea ni dogo kuliko hayo. Namba zilikuwa na nukta. Si nukta ya kuonekana kama hii ninayoweka mwisho wa sentensi. Ilikuwa doa chini kabisa, katikati ya tarakimu mbili nene, kwenye kioo cha kijivu, taa ya chumbani hafifu, na mimi nimeamka usingizini kwa sababu Mama kasema ana kizunguzungu. Kioo kilisema 20.3 na 12.4. Mimi nikaona 203 na 124. Mapigo 84, hayo nikayasoma sawasawa, na hayana nukta. Ningekuwa na akili yangu timamu ningejiuliza kwa nini namba mbili zina doa na ya tatu haina.

Anayejua presha kidogo anajua kwa nini nilichanganyikiwa. Kuanzia 180 kwa 120 ni kiwango cha hatari, na kikiambatana na dalili kama maumivu ya kifua, kushindwa kupumua au mwili kulegea upande mmoja, huna muda wa kukaa unatafakari. Mama alikuwa na kizunguzungu. Nikarudia kupima, ikatoka 207. Tukaondoka.

Nesi wa zamu alimpima kwa mashine yao: 156 kwa 94. Ameshapanda, akasema, lakini huyu siye wa kunikimbilia hivi. Nikatoa mashine yangu kwenye mkoba kama mtu anayetoa ushahidi mahakamani. Nikamwambia, dada, nimepima mara mbili, mara mbili zote zaidi ya 200. Akamvisha Mama mkanda wangu, akabonyeza, mashine ikajaza upepo, na hapo nikamwona anaangalia jambo ambalo mimi sikuwahi kuliangalia: namba zikiwa zinapanda. Zilipanda mpaka kama ishirini na nne hivi, mkanda umekaza kabisa, zikaanza kushuka. Akacheka kidogo. Kisha akauweka ukucha wa kidole chake chini ya kioo, akasema, "Mama, na wewe dada yangu, hii nukta mmeiona?"

Mashine yangu haikuwa inapima kwa milimita za zebaki, ile mmHg ambayo sote tunaitaja bila kuitaja tunaposema mia na ishirini kwa themanini. Ilikuwa inapima kwa kilopaskali, kPa. Ni presha ile ile, kipimo kingine, kama vile umbali ule ule unavyoweza kutajwa kwa maili au kwa kilomita. Kilopaskali moja ni milimita saba na nusu za zebaki. Kwa hiyo 120 kwa 80 ya kawaida, kwenye kioo changu ingesomeka 16.0 kwa 10.7. Na kile kiwango cha hatari cha 180 kwa 120 kingesomeka 24.0 kwa 16.0. Mama alikuwa mbali nacho.

Nesi alizidisha kwa simu. Mimi, nikiwa kwenye benchi nasubiri dakika zipite wampime tena, nikagundua njia ya mkato iliyonitia uchungu zaidi. Chukua namba kama ulivyoisoma kimakosa, bila nukta, kisha ondoa robo yake. 203 robo yake ni kama 51, inabaki 152. 124 robo yake ni 31, inabaki 93. Hiyo ndiyo presha halisi ya Mama usiku ule: 152 kwa 93. Maana yake mtu asiyeona nukta anaongeza theluthi nzima juu ya presha ya mgonjwa wake. Na hapo ndipo penye hatari, kwa sababu ongezeko hilo halikupi namba ya kichekesho. Muuzaji alinitumia na kipimajoto kama zawadi, nacho kikasoma 97.9. Nilicheka, maana hakuna binadamu wa nyuzi tisini na saba za Selsiasi, nikajua papo hapo ni Farenhaiti, na kwa Selsiasi ni kama 36.6. Kosa la kipimajoto linajisema lenyewe. 203 halijisemi. Watu wenye 203 wapo.

Sasa hasira. Niliporudi nyumbani asubuhi nikamwandikia muuzaji, kwa adabu kabisa, nikimweleza. Jibu lake lilikuwa fupi: mashine ni nzima, soma maelekezo. Maelekezo gani? Nikampigia picha kurasa za kijitabu, nikamuuliza anisomee yeye. Akajibu kwamba wateja wengine hawajalalamika. Nilitaka kumwambia kwamba wateja wengine huenda wako hospitali, nikajizuia. Hata sasa najuta kujizuia.

Kitufe cha kubadilisha nilikipata mwenyewe. Kwenye kijitabu kizima, herufi ninazozijua zilikuwa chache, nikazitafuta kama anayetafuta sindano: ukurasa mmoja ulikuwa na mmHg na kPa zimekaa pamoja, pembeni pamechorwa kidole juu ya kitufe kilichoandikwa 设置. Kwa mashine yangu iko hivi: ikiwa imezimwa, shikilia kitufe hicho mpaka mwaka uanze kumetameta. Kila ukikibonyeza tena unasogea, mwezi, siku, saa, dakika, mpaka kufika pale kPa inapometameta kwenye kona. Hapo unabonyeza kitufe cha pili, 记忆, inakuwa mmHg. Jihadhari na hicho cha pili. 记忆 ni kumbukumbu, na ukikishikilia muda mrefu mashine ikiwa nje ya mpangilio, kinafuta vipimo vyote. Nina uhakika kwa sababu nilifanya hivyo baadaye.

Lakini kabla sijafuta, niliona kitu kilichonifanya niketi chini. Nilifungua kumbukumbu baada ya kubadilisha, na kile kipimo cha usiku kilikuwa pale, saa ile ile, mapigo yale yale 84. Ila sasa kilisema 152 kwa 93. Mashine ilikuwa inajua muda wote. Mimi ndiye niliyekuwa sijui.

Hapo nikaanza kuilegezea kamba. Nikasema labda nyota tatu. Kwa wiki kadhaa nikailinganisha na ya nesi kila Mama alipokwenda kliniki, haikupishana nayo zaidi ya milimita chache. Mkanda wake mzuri, haubani ngozi. Nikaanza hata kuisifia kwa majirani, kwa haya kidogo.

Kisha kumbukumbu ikanichezea tena. Mama alikuwa ameanza dawa, na asubuhi moja akaniita kwa furaha: 139 kwa 86! Dawa imemkubali. Nikaangalia kioo, kweli. Lakini jana yake alikuwa 148 kwa 92, na juzi 152 kwa 93. Presha inaweza kubadilika, ila nilikuwa nimeshachomwa mara moja, sikuamini. Pembeni ya ile 139 kulikuwa na herufi tatu za Kichina, na hakukuwa na saa wala tarehe. Kipimo cha kweli kina saa. Nikabonyeza tena kitufe, ndipo zikaanza kuja na saa zake: kwanza 116 kwa 74, halafu 148 kwa 92, halafu 152 kwa 93.

Ile 116 ilikuwa yangu. Jioni nilijipima kuona kama mkanda unafanya kazi. Nawe jumlisha hizo tatu ugawe kwa tatu: unapata 139 kwa 86. Kumbe ukifungua kumbukumbu, kitu cha kwanza unachooneshwa ni wastani wa vipimo vitatu vya mwisho. Mashine ilikuwa imetuchanganya mimi na Mama ikatoa mgonjwa mmoja aliyepata nafuu. Kwenye kona kuna kimchoro cha mtu chenye 1, na kingine chenye 2, na kazi yake ndiyo hiyo: kila mtu na sehemu yake. Mimi nilidhani ni urembo.

Kwa hiyo Mama angeweza kwenda kliniki akasema kwa moyo mweupe kwamba nyumbani anapata 139, na daktari akaiacha dozi ilivyo. Hilo linanikera kuliko ile safari ya usiku. Safari ya usiku ilituchosha tu.

Nilifuta vyote, nikaanza upya, Mama 1, mimi 2. Vipimo vyake sasa tunaandika kwenye daftari, tarehe na saa, na hatugusi ule wastani.

Je, niipe nyota ngapi? Muuzaji, sifuri, na simsamehi. Mashine nilikuwa nimeshaandika nne. Juzi hapa tukabadilisha betri. Sauti ya yule mwanamke ikatangaza kama kawaida, na Mama, ambaye sasa anaiitikia "haya, asante" kila inaposema, akanyamaza. Akavaa miwani, akasogeza kioo dirishani.

"Mwanangu," akasema, "nukta imerudi."

Betri zikitoka, inarudi kwenye kPa. Nyota nimezipunguza ziwe mbili.