Maharage ya kopo: kijana wa duka amenikera, na kopo nalo halina adabu

Juzi kati nilikuwa supamaketi nimeshika kopo la maharage mekundu. Kijana wa duka akaja, wala sikumwita, akaninyang'anya mkononi. Akageuza lebo: protini gramu 7 kwa kila gramu 100. Akachukua pakiti ya maharage makavu: gramu 23. Akapaza sauti foleni nzima isikie, "Dada, unaibiwa mchana kweupe, hayo ni maji matupu!" Watu wakacheka. Mpaka leo nikikumbuka kile kicheko nakereka.

Kwani nani anatafuna maharage makavu? Ile 23 ni ya punje ngumu ambayo bado haijaona maji. Nyumbani nilipima makavu gramu 100, nikayaloweka usiku kucha, nikachemsha hadi yakaiva kabisa, nikachuja, nikarudisha kwenye mizani: karibu gramu 250. Protini ni ileile 23, ila sasa imetawanyika kwenye uzito mara mbili na nusu. Gawanya: kama gramu 9 kwa gramu 100 za maharage yaliyoiva. Kwa hiyo ushindani ni 9 kwa 7, si 23 kwa 7. Tofauti hiyo ndogo inaeleweka pia, maana ya kopo hupikwa humohumo ndani na kukaa majini muda mrefu. Yananywa maji zaidi, na protini kidogo huvujia kwenye ule mchuzi mzito tunaoumwaga.

Hapo nilikuwa tayari kulipa kopo nyota nne, ili tu yule kijana aone haya.

Nikachuja kopo lenyewe. Mbele wameandika gramu 400 kwa herufi za kuonekana toka barabarani. Kwenye chujio yalibaki 240. Nikaisoma lebo upya, na kweli, kwa maandishi ya kutafuta na miwani: ile 7 ni ya maharage yaliyochujwa. Mtu akizidisha 7 mara 4 atajihesabia gramu 28 za protini, kumbe amekula kama 17. Na uangalie vizuri, kopo jingine huandika hesabu ya maharage pamoja na maji yake, inakuja kwenye 5 hivi. Hiyo ndiyo ya kuzidisha mara 4. Ukichanganya hizo mbili umepotea.

Sasa kinachoniuma: pakiti ya nusu kilo ya makavu ina protini gramu 115. Kuipata kwenye kopo unahitaji makopo karibu saba! Yaani yule kijana alikosea hesabu yote na bado ushauri wake ulikuwa sahihi. Simshukuru.

Ladha si mbaya, na siku gesi iko ukingoni kopo linaokoa. Nyota tatu. Hapana, mbili, mpaka hiyo 240 iandikwe mbele kwa ukubwa uleule wa 400.