Nembo ya pikseli 164 kwenye cheti cha A4: nini cha kulipia na nini cha kuacha

Msimu wa mahafali ukifika, steshenari yangu hupokea kazi ya aina moja karibu kila siku. Mwalimu anakuja na maneno ya cheti yakiwa kamili, kasoro nembo. Nembo anaitoa kwenye simu: kuna mtu aliipiga picha barua ya shule, akaikata kwa kidole, akaituma WhatsApp, nayo imepita mikononi mwa watu watatu kabla ya kunifikia.

Ya msimu uliopita ilikuwa na pikseli 164 kwa upana, ngao ya kijani yenye mwenge mweupe na jina la shule chini yake. Ilitakiwa ikae kwenye cheti kwa upana wa sentimita 4.5. Uchapaji wa dpi 300, yaani nukta 300 kwa kila inchi, unahitaji pikseli kama 118 kwa kila sentimita, kwa hiyo nilihitaji 531. Ikuzwe mara tatu na zaidi. Kompyuta haina pikseli hizo, hivyo inajaza nafasi kwa wastani wa pikseli za jirani, na ukingo uliokuwa kijani huku na nyeupe kule unageuka utepe mpana unaofifia. Ingekuwa peke yake kwenye ukurasa, huenda macho yangeisamehe. Lakini imekaa sentimita mbili kutoka kwenye maandishi yaliyopigwa upya, makali kama wembe, na hapo kila mtu anauona ukungu.

Kabla hujatoa hata shilingi, omba barua yenyewe ya shule ikiwa PDF, itumwe kama dokumenti na siyo kama picha. Ifungue, ikuze hadi asilimia 800. Kingo za nembo zikibaki kali, ndani yake kuna vekta, yaani mchoro wa mistari usiotegemea pikseli. Ifungue kwa Inkscape, programu ya bure ya kuchora vekta, chagua nembo, itoe, kazi imeisha. Na ukuzaji usiofika mara moja na nusu kwa kawaida hauhitaji kununua chochote. Usipopata PDF, mpangilio wangu ni huu.

Nafasi ya kwanza: kumlipa mtu achore upya

Kwa nembo, muhuri au maandishi, hakuna kinachoshinda kuchorwa upya kwa vekta. Unalipa mara moja, na faili hiyo hiyo itafaa kwenye kalamu na kwenye bango la mita tatu. Tatizo ni kujua umeuziwa nini. Mara ya kwanza nilipoagiza nililipa shilingi 20,000, nikaletewa PDF. Nikaichapa, ukungu ule ule. Aliyeniuzia alikuwa ameichukua JPEG yangu na kuiweka ndani ya PDF, basi.

Tangu siku hiyo sikamilishi malipo kabla ya kuletewa faili ya vekta ya SVG na kuifungua kwenye Inkscape na kwenda `View > Display Mode > Outline`. Mchoro wa kweli unabaki mistari myembamba inayofuata umbo. Picha iliyofichwa inaonekana kama sanduku lililokatizwa na mistari miwili. Kisha bonyeza duara lolote kwa zana ya nodi, yaani vile vituo vinavyoushikilia mstari: duara lililochorwa na mtu lina nodi nne au karibu na hapo. Ukiona nodi themanini zimebanana, ujue programu ndiyo iliyofuatisha pikseli zako mbovu, na ukuta wa ngao utakuwa na mawimbi.

Nafasi ya pili: GIMP na Inkscape, bure, kwa gharama ya nusu saa

Hii ndiyo njia niliyotumia kwa ile ngao, maana cheti kilihitajika jioni ile ile. Inafanya kazi vizuri pale kitu kina rangi moja juu ya nyeupe. Siri yake ni kwamba hukuzi hadi kipimo unachotaka. Unapita mbali zaidi, unausafisha ukingo huko juu, ndipo unarudi chini.

Kwanza niliifungua kwa GIMP, nikaigeuza kuwa nyeusi na nyeupe. Nikaenda `Image > Scale Image`, nikaikuza mara 8 kwa `Cubic`, ikawa pikseli 1312. Ilionekana mbaya sana: ngazi kwenye mikunjo, na madoadoa kuzunguka herufi, ambayo ni alama zinazoachwa na ubanaji wa JPEG. Nikaweka `Gaussian Blur` ya 5. Kuongeza ukungu kwenye kitu chenye ukungu kunashangaza, lakini ndiko kunakozivunja ngazi na kuyeyusha madoadoa. Halafu nikafungua `Colors > Levels`, nikasogeza kishikio cheusi hadi 112 na cheupe hadi 143. Ule utepe mpana wa kijivu ukabanwa ukawa mwembamba, na ukingo ukasimama pale katikati ulipotakiwa kuwa.

Picha hiyo nikaipeleka Inkscape, `Path > Trace Bitmap`, `Brightness cutoff`, kizingiti 0.5. Nikapata umbo safi, nikalirudishia kijani chake.

Ila ina gharama. Pembe kali zinaviringika, na ncha ya mwenge wangu ilitoka butu. Niliivuta nodi moja kwa mkono. Herufi za jina la shule zilikuwa na urefu wa pikseli 9 tu, na baada ya `Levels` tundu la A lilizibika kabisa. Maandishi madogo namna hiyo usihangaike kuyaokoa: yafute, tafuta fonti inayofanana, uandike upya.

Nafasi ya tatu: Photoshop ya kulipia kwa mwezi

Kwa nembo pekee sikushauri. Inastahili pesa ikiwa mara kwa mara unabandika vipande vya picha: sura ya mtu, ua, kitambaa. Hapo vekta haisaidii, na chaguo la `Preserve Details 2.0` ndani ya `Image Size` linatunza kingo kuliko `Bicubic` ya kawaida. Faida ya pili ni `Smart Object`. Kipande cha kawaida ukikipunguza leo na kukikuza kesho, kila badiliko linakula pikseli. Kikiwa `Smart Object`, hesabu inaanza upya kutoka kwenye asili kila mara. Kipande kikibaki laini kidogo kuliko picha kinamokaa, kiongezee chembechembe za `Add Noise` zilingane na za jirani. Macho hupima ukali kwa kulinganisha.

Nafasi ya nne: programu zinazobuni undani

Topaz Gigapixel ni ya kulipia, Upscayl ni ya bure. Kwa majani na nywele zinapendeza. Kwa nembo ya shule naziogopa, kwa sababu herufi zisizosomeka huzijazia umbo la kukisia, na cheti hakiruhusu kukisia.

Usilipie kabisa

Tovuti za kubonyeza mara moja upate HD. Nyingi nilizojaribu zinakuza kawaida kisha zinazidisha ukali. Utazitambua kwa mstari mweupe unaozunguka kila herufi. Wala usimlipe anayebadili dpi 72 kuwa 300 huku idadi ya pikseli ikibaki 164. Hajaongeza kitu.

Chapa jaribio moja kwa `Actual size`, siyo `Fit`, kwenye karatasi ile ile ya vyeti. Lishike kwa umbali wa kusomea, utazame ukingo wa ngao na jina la mhitimu kwa pamoja. Langu lilipita mara ya pili. Mara ya kwanza ule mwenge ulikuwa bado butu.