Seti ya viti vya mianzi: "dawa imepigwa", kumbe vanishi tupu

Miezi michache tu tangu niinunue seti hii, fundi akinihakikishia imepigwa dawa, na kila asubuhi chini ya kiti kuna unga mlaini wa rangi ya maziwa. Chunguza kwa karibu uone vitundu kama vya pini. Huyo ni dumuzi wa mianzi. Nilipompigia fundi akanijibu, "Mianzi ndivyo ilivyo bosi, pakaza mafuta ya taa." Jibu hilo ndilo lililonipandisha hasira kuliko hata hasara yenyewe.

Dumuzi anafuata wanga ulio ndani ya muanzi. Wa kujengea ukatwe ukiwa na miaka mitatu hadi mitano, mwanzoni mwa kiangazi. Kupakaza kitu juu hakusaidii, kwa sababu ganda la nje ni gumu na linateleza, halinywi dawa. Mdudu naye hapiti hapo. Anaingilia kwenye ncha zilizokatwa na ukuta wa ndani.

Tiba yenyewe wala si siri. Unatoboa vifundo vyote kwa ndani kwa nondo ndefu, kisha unalaza mianzi mibichi kwenye pipa au shimo lenye turubai. Kwa maji lita 100, weka boraksi kilo 3 na asidi ya boriki kilo 2. Mianzi izame kabisa, wiki moja mpaka mbili. Vifundo visipotobolewa, kila pingili inabaki na hewa yake na dawa haiingii. Hapo ndipo nilipomkamata: nilichungulia kwenye mguu wa kiti, kifundo kizima kama kilivyoota. Tena dawa hii haina harufu, kwa hiyo ile harufu ya dizeli aliyokuwa akijisifia kuwa ndiyo dawa haikuthibitisha lolote.

Na mkono wa kiti umepasuka kuanzia kwenye msumari hadi mwisho. Nyuzi za muanzi zinakwenda upande mmoja tu, hakuna kinachozifunga katikati ya pingili. Ukigonga msumari bila kutoboa kwanza kwa drili, umeupasua mwenyewe. Kiungo kikae karibu na kifundo, tundu litangulie, ndipo ipite bolti. Na kabla ya kuunda, muanzi ukaushwe kivulini, umesimamishwa. Ukianikwa juani, nje hukauka upesi kuliko ndani, na ufa hauepukiki.

Nilikuwa niandike msinunue mianzi kabisa. Lakini ikitibiwa hivyo ni imara, myepesi, na haichakai haraka kama watu wanavyodai. Ila iwe chini ya paa: mvua inaisuuza boraksi yote, na hapo mchwa na dumuzi wanarudi. Ukienda dukani, kabla ya kutoa hela, geuza kiti uchungulie miguuni.

Kwa karakana ile, nyota moja. Na hiyo ni ya mito, imeshonwa vizuri.