Dashibodi ya Kiswahili iliyokula tani 52 za alizeti

Nyota mbili. Nilikuwa naweka moja, halafu nikakumbuka vile vichwa vya chati, nikaongeza. Nikimaliza kuandika huenda nikairudisha moja, sijui.

Mimi ni mhasibu kwenye kiwanda cha kukamua alizeti hapa Dodoma. Mzigo wetu unatoka Kongwa, Mpwapwa, na mwingine unashuka kutoka Singida. Mwanzoni mwa msimu Mzee, yaani mkurugenzi, alikubali tununue dashibodi kwa kampuni moja ya hapa mjini, kwa sharti kwamba kila kitu kiwe Kiswahili. Na kwa hilo niwe mkweli, waliifanya kazi. "Uzito uliopokelewa (tani)". "Bei ya wastani kwa kilo". "Mafuta yaliyotoka". Kwa mara ya kwanza wajumbe wetu wa bodi walisoma chati wenyewe bila mimi kusimama pembeni na kalamu. Baadhi ya vichwa vilikuwa virefu mno vikakatwa katikati, ila hilo dogo.

Sasa sikilizeni kilichotokea.

Siku moja yaliingia malori matatu. Mizani yetu inatoa faili yenye uzito kwa tani, desimali kwa nukta kama tunavyoandika wote Tanzania, na haiandiki sifuri za mwisho. Lori la kwanza 28.35, la pili 27.6, la tatu 30.125. Ukijumlisha unapata tani 86.075. Kijana wa mapokezi akapakia faili kwenye mfumo. Jioni Mzee akafungua simu yake akakuta kadi kubwa juu ya dashibodi imeandikwa 33.236. Yeye akasoma tani 33 na kilo 236, na nani angesoma vingine? Akapiga hesabu na malipo tuliyotoa asubuhi, akaona tani 52 na ushee hazipo. Akamwita mtunza ghala.

Huyo kaka ana familia. Alisimama mbele ya meza anaulizwa mzigo ameupeleka wapi, na mzigo uko nyuma ya ukuta, magunia yamefika darini. Hata leo nikiandika hapa damu inachemka.

Nikachukua risiti za mizani nikazilinganisha na jedwali la chini la dashibodi, lile ambalo Mzee hafiki. Lori la kwanza limesomeka 2.835. La pili 276. La tatu 30.125, sawasawa kabisa na risiti. Hapo ndipo nikapiga simu kwa fundi wao.

Fundi anasema, "Dada, mbona hilo la mwisho liko sawa? Mfumo hauna shida, nyie mnasoma vibaya." Nikamwambia mdogo wangu, angalia la kwanza. Akasema mtu wa mizani ndiye kakosea kuandika. Akakata simu! Nikapiga, hakupokea.

Basi jioni hiyo tukakaa na kijana wetu wa kompyuta. Akaingia kwenye mipangilio, akakuta lugha ya mfumo imewekwa sw-CD. Kumbe Kiswahili kwenye orodha hizo kinakuja na nchi, na orodha ikiwa kwa Kiingereza, Kongo inaanza na C, kwa hiyo inakaa juu ya Kenya, Tanzania na Uganda. Fundi aliona Kiswahili, akabofya cha kwanza, akaenda zake kunywa chai. Kongo wanaandika desimali kwa mkato, na nukta kwao inatenga maelfu. Wao wako sahihi kwao. Sisi ni kinyume chake. Kijana alinionyesha kwa mistari miwili tu kwenye kivinjari:

```
new Intl.NumberFormat('sw-TZ').format(1234567.5)
new Intl.NumberFormat('sw-CD').format(1234567.5)
```

Wa kwanza unatoa 1,234,567.5 na wa pili unatoa 1.234.567,5. Lugha moja, namba ileile, alama zimebadilishana nafasi.

Kama ingekuwa kuonyesha tu, ningesema tubadilishe tuendelee, kwa sababu namba iliyohifadhiwa haiguswi. Balaa ni kwamba mpangilio huohuo ndio uliotumika kusoma faili letu. Mfumo ulipokutana na 28.35 uliona nukta, ukadhani ni ya maelfu, ukaifuta. Ikawa 2835. Hiyo 27.6 ikawa 276. Na 30.125 ikawa 30125. Jumla 33236. Halafu wakati wa kuonyesha, mfumo ukairudisha nukta yake ya maelfu: 33.236. Kosa limeingia kwa mlango mmoja likatokea kwa mwingine limevaa suti. Lori la tatu lilionekana zima kwa sababu lilikuwa na tarakimu tatu baada ya nukta, basi. Na ndilo fundi alilolishikilia kama ushahidi!

Kesho yake akapokea simu. Hakuomba radhi. Akabadilisha kuwa sw-TZ, kadi ya Mzee ikaruka kutoka 33.236 hadi 33,236, yaani tani elfu thelathini na tatu za alizeti kwa siku moja. Nikamuuliza, na hii? "Gawanyeni kwa elfu, dada."

Kwa elfu! Lori la kwanza limekuzwa mara mia, la pili mara kumi, la tatu ndiyo mara elfu. Ukigawanya yote kwa elfu unarudi palepale kwenye 33.236 na mtunza ghala wangu anarudi kuwa mwizi. Ikabidi tufute kila kilichopakiwa tangu tuanze na kupakia upya kutoka mafaili ya mizani. Tuna bahati tulikuwa tumeyatunza.

Kwa wenzangu wenye viwanda na maghala wanaotaka kitu kama hiki: kabla hujalipa, pakia faili lenye 1234567.5 na 27.6, usitumie namba kama 30.125 pekee, hiyo inadanganya pande zote mbili. Ukiona 276 imetokea, simamisha kazi. Dalili nyingine ni bei. Bei yetu ya kilo ilikuwa inasomeka "812,5" na hakuna aliyejiuliza, mimi nikadhani ni mtindo wao.

Miezi nayo. Waliandika majina vizuri, Januari hadi Desemba, lakini kama maneno matupu, kwa hiyo chati inapanga kwa alfabeti: Agosti, Aprili, Desemba, Februari. Mstari wa mapokezi unapanda na kushuka kama vilima vya Kondoa. Dawa yake ni safu ya namba ya mwezi, 1 hadi 12, na chati ipangwe kwa hiyo huku ikionyesha jina. Nimewaandikia. Wamejibu kwamba watalishughulikia.

Mzee alimwomba msamaha mtunza ghala mbele ya wote, hilo nampa. Na juzi mjumbe mmoja wa bodi, mzee wa Kigogo, alisimama akasoma "Mafuta yaliyotoka" kwa sauti, akauliza swali la maana kuhusu mashudu ambalo hajawahi kuuliza tangu nimjue. Kwa ajili yake nabakiza nyota mbili, labda hata tatu. Ila huyo fundi asitumwe tena hapa kwetu. Waje na mwingine, na chati ya miezi wairekebishe kabla ya kuniletea ankara.