Hisa za Nairobi au hati za Hazina: faida ya uhakika inayolingana

Tuchukue mfano wa mwaka mmoja. Kapu la hisa za Soko la Nairobi linatarajiwa kuleta 18%, kodi na ada ya wakala zikiwa zimeshatolewa, na mkengeuko sanifu, yaani kipimo cha jinsi faida inavyoyumba, ni 22%. Hati ya Hazina ya siku 364 inatoa 10%. Ukikatwa kodi ya zuio ya 15% juu ya riba, unabaki na 8.5%. Hapo ndipo wengi hukosea: hulinganisha hisa na ile 10%.

Faida ya hati inajulikana tangu siku ya kununua, mradi uishike hadi iive. Ya hisa lazima kwanza ipunguzwe kwa sababu ya hatari:

```
CE = E(r) - 0.5 * A * σ^2
```

CE ni faida ya uhakika inayolingana, E(r) ni faida inayotarajiwa, σ ni mkengeuko sanifu, na A ni kiwango chako cha kuchukia hatari. Kwa A=2, 0.18 − 0.0484 ni 13.16%, na hisa zinashinda waziwazi. Kwa A=4 zinashuka hadi 8.32%, chini ya hati. Mpaka uko karibu na A=3.9. Ukiandika 22 badala ya 0.22, utapata hasi ya mamia. Ni dalili tosha ya kosa.

Lakini mwenye A=4 asikimbie hisa zote. Akiweka 49% kwenye hisa na zilizobaki kwenye hati, anapata CE ya takriban 10.8%, zaidi ya kila upande peke yake. Anayehitaji karo Januari ijayo, hata hivyo, pesa hizo aziweke kwenye hati itakayoiva kabla ya hapo.