Mistari inayotembea kwenye monita: ununue nini, uache nini

Siku moja nilirekodi mafunzo ya uhasibu ofisini kwa mteja, saa sita mfululizo. Kamera ilikuwa kwenye tripodi, mkufunzi amekaa kando ya monita yake. Kwenye kiskrini cha kamera kila kitu kilionekana safi. Usiku nikafungua faili kwenye kompyuta, nikaona ukanda wa giza unapanda taratibu kwenye monita, ukifika juu unaanza tena chini. Kurudia kazi haikuwezekana. Tangu siku hiyo nimeshanunua vitu kadhaa vya kupambana na mistari hiyo, vingine kwa faida na vingine kwa hasara. Hapa chini nimevipanga kuanzia kile ningekushauri ukijaribu kwanza hadi kile ningekuomba ukiache mwisho. Lakini ukinunua kabla ya kujua mistari inatoka wapi, utanunua kisichohitajika.

Monita nyingi hupunguza mwangaza kwa kuwasha na kuzima taa ya nyuma ya skrini haraka sana, haraka kuliko jicho linavyoweza kuona. Tuseme taa hiyo inapiga mara 240 kwa sekunde, na wewe umeweka shata 1/50, yaani kila fremu inapokea mwanga kwa sehemu moja ya hamsini ya sekunde. Ndani ya muda huo taa inapiga mara 4.8. Kamera nyingi hazisomi picha yote kwa mkupuo. Zinaisoma mstari kwa mstari kutoka juu kwenda chini. Kwa hiyo sehemu moja ya picha inapata mapigo matano, sehemu nyingine manne, na ile ya manne ndiyo ukanda wako wa giza. Kwa kuwa 240 haigawanyiki sawasawa kwa fremu 25 za kila sekunde, kila fremu inaukuta ukanda mahali pengine, nao unaonekana kutembea. Sasa weka shata 1/60: mapigo yanakuwa manne kamili kila mahali, na ukanda unatoweka. Monita za zamani za kioo kizito, zile zenye mgongo mkubwa, zina sababu tofauti kidogo, maana huko picha yenyewe inachorwa upya mara 60 au 75 kwa sekunde na kufifia kila mara. Hesabu ni ileile: shata ibebe mizunguko kamili.

Mpaka hapo ungedhani jibu ni 1/60 na habari imeisha. Ndivyo video nyingi za Wamarekani zinavyofundisha, na kwao ni sawa kwa sababu umeme wao ni Hz 60, yaani mizunguko 60 kwa sekunde. Wetu, Tanzania na Kenya, ni Hz 50. Taa za dari zinapumua mara mbili kwa kila mzunguko, yaani mara 100 kwa sekunde. Shata 1/50 inabeba pumzi mbili kamili, lakini 1/60 inabeba moja na theluthi mbili. Matokeo yake unaiponya monita, halafu ukuta ulio nyuma ya mkufunzi unaanza kupata vivuli vinavyotembea. Hakuna shata itakayozipatanisha skrini ya Hz 60 na taa za Hz 50 ukiwa unarekodi fremu 25: shata ndefu ya kutosha kubeba zote mbili ni 1/20, na hiyo ni ndefu kuliko fremu yenyewe.

Nafasi ya kwanza: usinunue kitu, badilisha monita ifuate umeme

Kabla ya kugusa kamera, pandisha mwangaza wa monita hadi 100. Monita nyingi zikifika hapo haziwashi na kuzima tena; taa inawaka moja kwa moja. Mistari ikipotea, umejua chanzo, na kazi iliyobaki ni kuzuia skrini isiunguze picha. Punguza ISO au funga tundu la lenzi. Usiongeze kasi ya shata, kwa kuwa shata fupi ndiyo inayoanika kila pigo la taa.

Mistari ikibaki, nenda kwenye Windows 11, fungua Settings, kisha System, Display, Advanced display, na kwenye Choose a refresh rate utafute 50 Hz. Monita nyingi za mezani zinayo. Kompyuta mpakato nyingi hazina, ila MacBook Pro za inchi 14 na 16 zinakupa chaguo la 50 ndani ya System Settings, sehemu ya Displays. Ukiipata, rekodi fremu 25 kwa shata 1/50, na skrini, taa na kamera zote zitaenda hatua moja. Kama kuna FreeSync au G-Sync, izime, la sivyo monita itakuwa inabadili mwendo wake yenyewe.

Hakuna 50? Basi tumia 1/60 na uzime taa za dari. Mwanga wa dirisha haupumui, na taa nzuri za LED za video hazipumui pia.

Kwa simu, tatizo kubwa ni kwamba kamera inajichagulia shata. Ikiona skrini nyeupe inakimbilia kasi kubwa. Programu ya Blackmagic Camera ni ya bure kwa iPhone na Android na inakuruhusu kufunga shata mahali unapotaka. Baadhi ya Samsung zina Pro Video ndani tayari. Vyovyote utakavyofanya, rekodi sekunde kumi, icheze na uikuze ukiangalia eneo jeupe la skrini. Mimi ningefanya hivyo siku ile, nisingekuwa na hadithi ya kuanzia.

Nafasi ya pili: monita ya Hz 100

Kama unarekodi mafunzo kila wiki ukiwa na monita ileile nyuma yako, hapa ndipo pesa inapofanya kazi. Monita za ofisini za Hz 100 sasa zipo kwa bei ya kawaida, na kwa umeme wetu ni kama zimeshonwa kwa vipimo vyetu: shata 1/50 inabeba mizunguko miwili kamili ya skrini na pumzi mbili kamili za taa. Hz 75 haifai kwa kazi hii, kwa sababu 1/50 inabeba mzunguko mmoja na nusu. Hz 144 inafaa tu kama Windows inakuruhusu kuishusha hadi 100 au 50. Ukishainunua, hakikisha Windows imeiweka 100 kweli, maana mara nyingi inaanza na 60 na watu wanakaa nayo hivyo miaka.

Kwenye boksi tafuta maneno Flicker-Free, halafu usiyaamini mpaka umejaribu. Dukani omba wafungue ukurasa mweupe, shusha mwangaza wa monita hadi 20, weka shata ya simu 1/1000 na uielekeze kwenye skrini. Ukiona milia ya giza imelala kwenye picha, taa inawaka na kuzima. Skrini ikibaki nyeupe sare, hiyo ndiyo. Muuzaji mmoja aliniambia milia ile ni ubovu wa simu yangu. Nikasogea kwenye monita ya pembeni, simu ileile, haikuonyesha mlia hata mmoja. Skrini za OLED karibu zote zitakuonyesha kitu kwenye jaribio hili, kwa hiyo nzuri kama zilivyo kwa rangi, kwa kazi hii naziweka kando.

Nafasi ya tatu: nasa skrini yenyewe

Mara nyingi mtazamaji anataka kusoma kilicho kwenye skrini, na kamera haitamsomea vizuri hata mistari ikiisha. OBS Studio ni ya bure. Inarekodi skrini ndani ya kompyuta huku kamera ikirekodi mtu. Kwenye uhariri unaibandika rekodi hiyo juu ya monita, pembe nne kwa pembe nne, au unaionyesha skrini nzima. Kompyuta ikiwa ya mteja na hairuhusu kusakinisha kitu, nunua kifaa cha USB cha kunasa HDMI. Tahadhari na vile vya bei rahisi vilivyoandikwa 4K: vingi vinapokea 4K lakini vinarekodi 1080p tu. Kwa mafunzo hiyo inatosha. Cha muhimu zaidi kiwe na tundu la kutokea, ili monita iendelee kuonyesha picha wakati unarekodi.

Nafasi ya nne: kamera yenye shata ya kurekebisha kidogokidogo

Panasonic GH5 inaiita Synchro Scan, kamera za video za Canon zinaiita Clear Scan, na zile za Sony za utangazaji zinaiita ECS. Badala ya kuruka kutoka 1/50 hadi 1/60, unasogeza kwa sehemu ndogo huku ukiangalia ukanda ukipungua kasi, ukisimama, kisha ukifutika. Kwa kuta za LED za jukwaani na kanisani, na kwa monita za kioo kizito, hakuna kinachoishinda. Lakini kununua kamera mpya kwa ajili ya monita moja ya ofisini ni kununua ng'ombe kwa sababu ya glasi ya maziwa.

Nafasi ya mwisho: programu za kuondoa mistari

DaVinci Resolve Studio, ile ya kulipia dola 295, ina Deflicker, na zipo plagini kama Flicker Free. Zinasaidia sana taa inapopumua picha nzima. Ukanda mweusi uliokolea juu ya skrini ni kazi nyingine. Mara nyingi nimebaki na kivuli chake, na mkono unaopita mbele ukaacha mzimu.

Kabla ya kulipia, jaribu kitu cha bure: ffmpeg, programu ya video inayoendeshwa kwa kuandika amri. Skrini ya Hz 60 ikirekodiwa kwa fremu 25, mpangilio wa mistari unajirudia kila fremu tano. Ukichanganya fremu tano kwa wastani, giza na mwanga vinasawazishana:

```
ffmpeg -i ndani.mp4 -vf "tmix=frames=5" -c:a copy nje.mp4
```

Kila kinachosogea kitaacha ukungu, kwa hiyo usiitumie faili mpya peke yake. Kwenye uhariri weka ya asili chini na mpya juu, kisha kata mpya ibaki eneo la monita tu. Kamera ikiwa imesimama na kilicho kwenye skrini hakibadiliki, mtu anabaki mkali na monita inatulia. Kwenye yale mafunzo ya uhasibu niliokoa vipande vyote ambavyo jedwali lilikuwa limetulia. Pale mkufunzi alipokuwa anashusha kurasa, tarakimu zilivurugika zisisomeke, na ilibidi nimwombe faili lake la Excel, nilifungue kwangu na kurekodi upya skrini peke yake nikifuata sauti yake.